Uji wa kunenepesha kijana mwembamba

Kijana wa kiume wa miaka 16 mwenye urefu wa sentimita 170 na kilo 45 ni mwembamba kupita kiasi kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani. Nyumbani huambiwa ale zaidi, akaongezewa ugali. Anafika nusu ya sahani, anasukuma kando. Tumbo lake limejaa, ila limejaa maji na nyuzinyuzi. Kinachohitajika ni nguvu nyingi ndani ya kiasi kilekile cha chakula.

Tuanze na uji wa asubuhi. Bakuli la uji mwepesi, lenye gramu 30 za unga na kijiko cha sukari, lina kalori kama 155 tu. Ukiongeza unga, unakuwa mzito haunyweki. Dawa yake ni kimea, yaani unga wa ulezi au mtama uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Pika uji mzito kwa gramu 60 za unga, maziwa halisi robo lita na maji kidogo. Epua, uache upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, kisha koroga kijiko cha kimea. Baada ya dakika chache utaona umelegea wenyewe, kwa sababu kimea huvunja wanga. Ukikitia uji ukiwa unatokota, hakifanyi kazi. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena, utie karanga zilizosagwa gramu 30 na kijiko cha sukari. Karanga zenye ukungu au uchungu zitupwe, hata kama zimekaangwa.

Bakuli hilo lina kalori karibu 590: protini gramu 20, wanga gramu 74, mafuta gramu 25. Limezidi lile la kwanza kwa kalori 435. Jioni, mwagia maharage yake kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, kalori 120 nyingine ambazo hatazihisi tumboni. Jumla ya nyongeza ni kama 550 kwa siku, na milo mingine haijaguswa. Chai na maji anywe baada ya kula, maana akitangulia navyo hamu inakatika.

Apimwe mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ileile. Kilo moja hadi mbili kwa mwezi ni mwendo mzuri. Zikipita wiki tatu mizani haijasogea, ongeza nusu parachichi (kalori 160) kwenye mlo wa mchana.

Lakini kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, anatokwa jasho usiku, anaharisha mara kwa mara, au ana kiu na kukojoa kusikoisha, aende hospitali kwanza. Hali kadhalika aliyekaa siku kadhaa karibu bila kula: kumlisha sana ghafla kunaweza kuvuruga madini ya damu na kuutikisa moyo, kwa hiyo huanzishwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.