Stika ya mnyama wa nyumbani

Stika ya mnyama wa nyumbani ni picha ya mnyama iliyokatwa kufuata umbo lake na kuondolewa mandhari ya nyuma, ili itumwe katika programu kama WhatsApp. Seti moja ya WhatsApp huwa na stika 3 hadi 30. Kila stika isiyosogea huwa na pikseli 512 kwa 512, katika umbizo la WebP, na uzito chini ya kilobaiti 100.

Ugumu uko kwenye ukingo. Mfano ni mbwa mweupe aliyepigwa picha kwenye ua wa udongo mwekundu huko Mkuyuni, mkoani Morogoro. Pikseli za mwisho za manyoya yake huchanganya nyeupe na rangi ya udongo, hivyo akikatwa hubaki na utepe mwekundu mwilini.

Katika GIMP, picha hupewa kwanza uwazi kwa `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`. Mbwa huzungushiwa mstari wa uteuzi, na `Select > Shrink` huusogeza mstari huo ndani kwa pikseli 2, ili pikseli zilizochanganyika zibaki nje. Kisha hutumika `Select > Invert` na kitufe cha `Delete`.

Mbwa hupunguzwa hadi pikseli 464 kwa upande wake mrefu. Nafasi ya pikseli 24 inayobaki kila upande hutosha mpaka mweupe wa pikseli 8 na ukingo mtupu wa 16.

Kasoro hugunduliwa kwa kuweka tabaka jeusi, kisha jeupe, chini ya stika. Picha isihifadhiwe kama JPEG, kwa kuwa umbizo hilo halitunzi uwazi.