Fumbo la hesabu likigeuka mtihani wa kusoma

Wadau, hebu someni fumbo hili. Nimelitunga mwenyewe, ila mwenye mtoto wa darasa la pili ataniambia kama halifanani na yale anayokuja nayo nyumbani:

"Siku ya Jumamosi mama Asha alielekea sokoni Tandika kwa ajili ya kununua mahitaji ya familia yake, ambapo alinunua mayai 12. Alipokuwa akirejea nyumbani kwa daladala, mayai 5 yalivunjika kutokana na msongamano wa abiria. Je, mama Asha alifikisha nyumbani mayai mangapi yasiyovunjika?"

Hesabu yenyewe ni 12 kutoa 5, basi. Lakini ili aifikie, mtoto anatakiwa avuke maneno 41. Dogo ambaye bado anasoma kwa kuunganisha silabi, akifika "msongamano wa abiria" ameshasahau mayai yalikuwa mangapi. Anakisia, anaandika 17, anapigwa mkasi. Ripoti inasema hesabu hajui. Kumbe hesabu hakuifikia kabisa!

Sasa someni hili:

"Mama amenunua mayai 12. Mayai 5 yamevunjika. Mayai mazima ni mangapi?"

Maneno 11. Kila sentensi ina jambo moja, na mambo yamepangwa kama yalivyotokea. Jumamosi, Tandika na daladala vimeondoka na hakuna aliyepungukiwa kitu, maana havikuwa na kazi kwenye hesabu.

Lakini jamani, kuhesabu maneno peke yake hakutoshi, hasa kwa Kiswahili chetu. Neno letu moja linabeba mzigo wa sentensi nzima. "Yasiyovunjika" ni neno moja, lakini ndani yake mna mayai, mna kukanusha, mna "ambayo" na mna kuvunjika. Mtoto ambaye nyumbani anaongea Kisukuma au Kimasai, hapo ndipo anapokwama. "Mazima" linasema jambo lile lile na analijua tangu jikoni. Kwa hiyo ukitunga fumbo, angalia zaidi vitenzi virefu: aliyenunua, yaliyobakia, alipokuwa akirejea. Vikate viwe vifupi.

Utajuaje kama mtoto wako ameshindwa kusoma au ameshindwa hesabu? Kuna njia ya mtafiti mmoja wa Australia, Anne Newman, aliyoitoa mwaka 1977. Unakaa na mtoto na fumbo alilokosa, unamwuliza mambo matano kwa mpangilio. Kwanza, nisomee. Pili, wanauliza nini? Tatu, utafanyaje ili upate jibu? Nne, haya fanya nione. Tano, andika jibu lako. Pale anapojikwaa mara ya kwanza ndipo penye ugonjwa. Akikwama kwenye la kwanza, mimi naongeza kitu kimoja: msomee wewe, polepole. Akikujibu "saba" papo hapo, basi usimwongezee mazoezi ya kutoa. Huyo anahitaji msaada wa kusoma, na wakati anaupata apewe mafumbo mafupi ili hesabu zake zisilale.

Tuje kwenye soko na jikoni. Kwa nini mayai na vikombe, na siyo namba tupu? Mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo ya kazi yao mjini Recife, Brazili. Waliwafuata watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani na sokoni, wakawauliza bei kama wateja wa kawaida. Walipatia asilimia 98. Baadaye watoto wale wale wakakalishwa na karatasi na penseli: kwenye mafumbo wakapata asilimia 74, na kwenye hesabu za namba tupu asilimia 37. Watoto watano ni wachache, lakini tofauti ni kubwa mno. Mmoja, wa miaka 12, aliulizwa nazi 10 za kruzeiro 35 ni bei gani. Hakuongeza sifuri kama shuleni. Alianza na nazi tatu ni 105, akaongeza nyingine tatu zikawa 210, akaendelea hivyo hadi 350. Yaani alihesabu huku anaziona nazi.

Ila ukisema "sokoni" iwe sokoni kweli. Fumbo la "nyanya moja shilingi 3" siyo la soko letu. Nyanya zinapangwa mafungu, na sarafu ya shilingi 3 mtoto hajawahi kuiona. Kwa wadogo kabisa ni bora vitu vya kuhesabika: mayai, vitumbua, ndoo za maji. Pesa zingoje mpaka azijue mamia.

Sasa kuna mtego. Wengine wakifupisha, wanamfundisha mtoto kuwinda neno: ukiona "baki" toa, ukiona "jumla" jumlisha. Mjaribu na hili:

"Mama ametumia mayai 5. Yamebaki 7. Mwanzo yalikuwa mangapi?"

Aliyefundishwa kuwinda ataona "yamebaki", atatoa 5 kwenye 7, ataandika 2. Eti mama alikuwa na mayai mawili akatumia matano! Fumbo ni fupi na maneno ni mepesi, lakini linamlazimisha afikiri kwa sababu kisichojulikana kimehamia mwanzo. Kwa hiyo mayai yale yale yanakupa mafumbo matatu: ficha mwisho (12, yakatumika 5, yamebaki mangapi?), ficha katikati (yalikuwa 12, sasa ni 7, yametumika mangapi?), au ficha mwanzo. Anza na la mwisho. La mwanzo liwe la mwisho kumpa, maana ndilo gumu zaidi. Akikwama, mpe mbegu za maembe au vizibo vya soda aigize kinachosimuliwa.

Na kuna mafumbo ambayo ugumu wake uko kwenye swali tu. "Watoto ni 8, vikombe ni 5. Watoto wamezidi vikombe kwa kiasi gani?" Wengi watajibu 8. Badilisha swali: "Watoto wangapi watakosa kikombe?" Namba ni zile zile. Mtafiti Tom Hudson alipima jambo hili Marekani mwaka 1983 kwa picha za ndege na minyoo. Watoto wa darasa la kwanza walioulizwa ndege wamezidi kwa wangapi walipatia asilimia 64. Walipoulizwa ndege wangapi watakosa mnyoo, walipatia wote. Kutofautisha walijua, lugha ya kulinganisha ndiyo iliyowashinda.

Hii haina maana kwamba neno "zidi" lifutwe. Atakutana nalo tu, na lazima alijue. Anza na vikombe, akishapata 3 mwambie, "Basi ndiyo kusema watoto wamezidi vikombe kwa watatu." Hapo neno jipya linakaa juu ya kitu anachokijua.

Haya, walimu na wazazi mnaopita hapa, chukueni fumbo moja refu kwenye daftari la mtoto, likateni libaki na sentensi tatu, kisha mlete yote mawili hapo chini kwenye maoni. Na mtuambie alijibu nini kabla na baada.