Mistari Iliyohama Mahali Pake

Mnamo Februari 1963, huko California, mwanaastronomia Maarten Schmidt alikuwa akihangaika na picha ya mwanga wa 3C 273, kitu kilicho katika kundinyota la Mashuke na ambacho kwenye darubini huonekana kama nyota hafifu tu. Mwanga wake ulipotawanywa katika rangi zake, ilijitokeza mistari ambayo haikulingana na elementi yoyote, kila mmoja ukiwa mahali usipotarajiwa.

Hatimaye Schmidt aliona kwamba nafasi kati ya mistari hiyo zilipungua kwa utaratibu uleule wa mistari ya haidrojeni. Mstari ambao maabara huukuta kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 486.1 ulikuwa umesogea hadi 563 hivi. Ule wa 434.0 ulikuwa karibu na 503, na ule wa 410.2 karibu na 475. Ukigawanya kila jozi, jibu ni lilelile: takriban 1.158.

Ulingano huo ndio ushahidi wenyewe. Wekundu peke yake hauthibitishi kitu, maana hata vumbi la angani huufanya mwanga uwe mwekundu, lakini haliwezi kuihamisha mistari.

Chanzo cha mwanga kinapotukimbia, kila kilele cha wimbi hutoka mbali zaidi kuliko kilichokitangulia, hivyo huchelewa kutufikia. Wimbi hurefuka na masafa yake hushuka. Kwa 3C 273 yalibaki kama asilimia 86 ya yale ya awali. Sehemu iliyoongezeka, 0.158, huandikwa z.

Kwa hesabu ya haraka mtu angesema kitu hicho kinakwenda kwa 0.158 ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 47,400 kwa sekunde. Lakini Einstein alionyesha kwamba saa iendayo kasi huonekana kwetu ikienda polepole, na atomi nayo ni saa. Ucheleweshaji huo wa pili ukizidishwa na ule wa kwanza, tunapata:

1 + z = √((1 + v/c) / (1 − v/c))

Zidisha 1.158 kwa yenyewe, upate 1.341. Toa moja, ubaki na 0.341, ongeza moja, upate 2.341. Gawanya cha kwanza kwa cha pili: 0.146, sawa na kilomita 43,700 hivi kwa sekunde. Tofauti si kubwa, lakini miaka miwili baadaye Schmidt alitangaza 3C 9, ambayo z yake inazidi 2. Hesabu ya haraka ingeipa mara mbili ya kasi ya mwanga, jambo lisilowezekana. Fomyula inatoa 0.80.

Hata hivyo fomyula hii inahusu kitu kinachosafiri ndani ya anga tulivu. Kwa umbali wa 3C 273, anga lenyewe linapanuka na kulivuta wimbi likiwa njiani, kwa hiyo kilomita zile 43,700 ni makadirio. Kinachopimwa moja kwa moja ni z, na ndiyo maana wanaastronomia huandika 0.158 kwenye majedwali yao na kuishia hapo.