Swichi Ndogo Nyekundu: Kabla ya Kuchomeka Chombo Kilichotoka Ng'ambo

Wiki mbili zilizopita niliitwa nyumbani kwa mama mmoja, jirani yetu hapa Kambi Muru, Kibera. Mwanawe aishiye Marekani alikuwa amemtumia kompyuta ya mezani iliyotumika, na mama huyo aliikusudia kwa kazi ya kuchapa karatasi za mitihani ya madrasa na kujipatia riziki yake. Binti yake aliichomeka, akabonyeza, ukasikika mlio kama wa fataki, kisha moshi wenye harufu kali ukajaa chumba. Mama aliniuliza kwa unyonge, "Shehe, mwanangu ameniletea kitu kibovu?"

Kitu hakikuwa kibovu. Fundi alipokigeuza alituonyesha nyuma yake, kando ya mahali pa kuchomekea waya, swichi ndogo nyekundu yenye kuonyesha namba 115. Swichi hiyo ndiyo iliyosababisha msiba wote, na ingaligeuzwa kwa bisibisi katika muda usiozidi nusu dakika.

Ili jambo hili lifahamike, yatupasa kujua kwamba umeme wa nyumbani haulingani duniani kote. Hapa Kenya soketi hutoa takriban volti 240. Marekani hutoa takriban volti 120, yaani nusu ya wetu. Huko Saudia, waendako mahujaji wetu na binti zetu wafanyao kazi, kwa miaka mingi nyumba zilikuwa na volti 127 na volti 220 kwa pamoja, hivyo vyombo vingi vya zamani vilivyonunuliwa huko vimetengenezwa kwa volti hiyo ndogo. Oman na Dubai umeme wao u karibu na wetu, na vyombo vya huko kwa kawaida havina taabu hii.

Kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa kompyuta. Ndani yake mna kapasita mbili kubwa, mfano wa mitungi miwili ya kuhifadhi umeme, na kwa kawaida kila mmoja umeandikwa kuwa wastahimili volti 200. Umeme wa volti 240 hupanda na kushuka, na kileleni mwake hufikia karibu volti 340. Swichi ikiwa kwenye 230, mitungi hiyo miwili hugawana volti 340, kila mmoja ukachukua 170, na mambo yakawa salama. Swichi ikiwa kwenye 115, njia ya umeme hubadilika: mitungi haigawani tena, bali kila mmoja hujazwa peke yake kwa zamu. Kwa umeme wa Marekani hilo ni sawa, kwani kila mmoja hupata kama volti 170 vilevile. Kwa umeme wetu, kila mmoja hutwishwa volti 340 ilhali uwezo wake ni 200. Hapo ndipo mtungi hupasuka, fyuzi ikakatika, na vipande vingine vya pawa saplai vikaungua.

Kosa la kinyume chake halina madhara makubwa. Kompyuta iliyowekwa kwenye 230 ikichomekwa kwenye umeme wa Marekani, kwa kawaida haitawaka tu. Basi mwenye shaka na aanze na namba kubwa.

Hatua za kufuata ni hizi. Kwanza, chombo kisiwe kimechomekwa. Pili, kitazame nyuma na chini, usome kibandiko chake. Kikiwa kimeandikwa INPUT 100-240V, hicho hujirekebisha chenyewe wala hakihitaji swichi. Chaja nyingi za simu na za kompyuta ndogo ni za namna hii. Tatu, ukiona swichi yenye 115 na 230, au 110 na 220, isukume kwa ncha ya bisibisi mpaka namba kubwa ionekane yote, isibaki katikati. Redio na vikuza sauti vya zamani huwa na kitufe cha kuzungusha chenye namba tatu au nne. Humo chagua 240, na ikikosekana, 220 au 230. Nne, ndipo uchomeke. Kamwe usiiguse swichi hiyo chombo kikiwa kimewashwa.

Pana hatari nyingine niliyoiona mitaani kwetu. Jioni watu wengi wanapopika, umeme hudhoofika na taa hufifia, na kompyuta hukataa kuwaka. Mtu akashawishika kuirudisha swichi kwenye 115 ili aipe nguvu. Asifanye hivyo. Hata umeme ukishuka mpaka volti 170, kileleni hufikia 240, na mtungi wa 200 bado hauwezi kuustahimili. Tena umeme utakaporejea ghafla kwenye hali yake, uharibifu utakuwa wa papo hapo.

Je, chombo kisicho na swichi kabisa, kilichoandikwa 120V au 127V peke yake? Mfano wake ni pasi iliyoletwa na hujaji zamani. Wengi hununua adapta ya plagi, ile ya kuunganisha miguu bapa na soketi yetu ya matundu matatu, wakadhani wamemaliza. Adapta hiyo hubadilisha umbo la plagi tu. Volti hubaki zilezile 240. Na joto la pasi haliongezeki kwa kiasi kilekile cha volti: volti zikizidishwa mara mbili, joto huzidi mara nne. Pasi ya wati 1,000 ya volti 127 ikipewa volti 240 itavuta zaidi ya wati 3,500. Waya wake wa ndani utakatika, au nguo na meza vitaungua kabla yake.

Chombo kama hicho chahitaji transfoma ya kupunguza volti 240 kuwa 110 au 120, yenye wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye chombo. Blenda ya wati 300 itafaa kwa transfoma ya wati 500. Kwa pasi ya wati 1,000 transfoma huwa nzito na ya ghali, na mara nyingi ni nafuu kununua pasi ya hapa hapa. Ifahamike pia kwamba transfoma haibadilishi mapigo ya umeme, ambayo Marekani na Saudia ni 60 kwa sekunde, nasi ni 50. Saa ya ukutani itegemeayo mapigo hayo itachelewa dakika kumi kila saa.

Turudi kwa jirani yetu. Fundi alifungua kompyuta, akakuta kapasita mbili zimepasuka na fyuzi imekatika. Hakubadilisha fyuzi peke yake, kwani ingalikatika tena mara moja. Aliitoa pawa saplai nzima na kutia nyingine. Uharibifu wa aina hii mara nyingi huishia humo, na sehemu nyingine hunusurika. Kompyuta iliwaka. Kabla ya kuichomeka, binti aliinama nyuma yake, akaisoma swichi kwa sauti: "Mia mbili na thelathini." Mama yake akamwambia, "Haya, sasa choma."