Rangi ya Nywele Iliyowaka Mno na Namna ya Kuipoza

Rangi ya nywele huwaka kupita ilivyokusudiwa kwa sababu mbili, na kila sababu ina tiba yake. Mara nyingine rangi iliyopakwa imeingia nyingi mno, au imebaki juu ya nywele bila kushika. Mara nyingine dawa imeondoa weusi wa asili na kufichua uchungwa uliokuwa umejificha chini yake. Kuosha hupunguza mwako wa aina ya kwanza. Mwako wa aina ya pili hauosheki hata kwa sabuni kali kiasi gani, kwa sababu uchungwa huo ni sehemu ya unywele wenyewe. Nywele nyingi huharibika baada ya kupakwa rangi kwa sababu tu mwenye nywele hakujua ana tatizo lipi kati ya hayo mawili.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyopangana kama vigae vya paa, na ndani yake kuna kiini chenye melanini, kiungo kinachozipa nywele weusi wake. Rangi ya muda hukaa juu ya magamba hayo au chini yake kidogo, na hufifia kila nywele zinapooshwa. Rangi ya kudumu hufanya kazi kwa njia nyingine. Amonia, au kemikali ya jamii yake, huyafungua magamba, kisha peroksidi ya hidrojeni huingia kwenye kiini na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huvunja melanini, na huunganisha chembe ndogo za rangi kuwa chembe kubwa zisizoweza kutoka tena kwa urahisi. Kwa hiyo kila rangi ya kudumu inayochanganywa na peroksidi hupausha kidogo hata kama boksi halitaji neno hilo. Nywele nyeusi zinapopauka hazifiki kwenye kahawia tulivu. Hupitia wekundu, kisha uchungwa, kisha umanjano. Anayetaka kahawia ya shaba hupata shaba ya boksi pamoja na uchungwa wake mwenyewe uliofichuliwa, na jumla ya hivyo viwili ndiyo inayowaka.

Nguvu ya peroksidi huandikwa kwenye chupa. Volyumu 10 ni asilimia 3, volyumu 20 ni asilimia 6, volyumu 30 ni asilimia 9 na volyumu 40 ni asilimia 12. Kadiri namba inavyopanda ndivyo melanini inavyovunjika zaidi, na joto huongeza kasi hiyo. Ndiyo maana mashina ya nywele, yaliyo karibu na ngozi yenye joto, huwaka kuliko ncha. Kofia ya plastiki au draya huzidisha hali hiyo.

Chukua mfano wa mwanamke mwenye nywele nyeusi ambazo hazijawahi kutiwa dawa ya kulainisha. Amepakwa rangi ya kahawia ya shaba iliyochanganywa na peroksidi ya asilimia 9, akavalishwa kofia ya plastiki na kukalishwa chini ya draya. Matokeo yake ni sentimita tatu za mwanzo zenye rangi ya chungwa kali, na urefu uliobaki una wekundu uliokolea. Hana haja ya kufanya lolote siku hiyo. Taa za saluni hupotosha macho, nywele zikiwa mbichi huonekana nyeusi zaidi, na rangi mpya hutulia baada ya kuoshwa mara moja au mbili. Rangi ihukumiwe nywele zikiwa kavu, mchana, karibu na dirisha.

Kipimo cha kwanza hufanywa kwa kishungi kimoja cha nyuma ya sikio. Kiloweshwe kwa maji ya vuguvugu, kipakwe shampuu, kisuguliwe taratibu kwa muda wa dakika moja, kisha povu lifutwe kwa kitambaa cheupe. Povu likitoka na wekundu, kuna rangi iliyolegea, na kuosha kutasaidia. Povu likitoka jeupe na kishungi kikabaki vilevile, mwako umo ndani. Kwa mwanamke wa mfano huu, urefu wa nywele huacha doa jekundu kwenye kitambaa lakini mashina hayaachi kitu. Ana matatizo yote mawili kwenye kichwa kimoja, na huenda hali hii ndiyo inayotokea zaidi kwenye nywele nyeusi.

Kwa urefu wa nywele, kazi ni ya shampuu ya kusafisha kwa kina, ile inayouzwa kwa ajili ya kuondoa mabaki ya mafuta na jeli. Ina viosheo vikali kuliko shampuu ya kila siku, na mara nyingi huwa na kemikali inayonasa madini ya maji ya chumvichumvi. Nywele zigawanywe sehemu nne na kuloweshwa kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa joto hilo huvimbisha unywele kidogo na kuiachia rangi nafasi ya kutoka. Shampuu ipakwe sehemu moja baada ya nyingine, kwenye urefu tu, ikae dakika mbili au tatu, kisha isuuzwe mpaka maji yawe meupe. Povu la pili huonyesha kama bado kuna kinachotoka. Likiwa halina rangi, kuosha kumekwisha; kuendelea hapo ni kunyang'anya nywele mafuta yake tu. Mara mbili kwa siku moja inatosha, kisha ipakwe kondishena nzito kwa nusu saa, na zoezi likihitajika tena lisubiri siku tatu au nne.

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu mafuta ya ngozi hayashuki kirahisi kwenye unywele uliojisokota. Mafuta ya nazi yakipakwa usiku wa kuamkia kuosha hupunguza madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ulionyesha kwamba ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa huweza kupenya ndani ya unywele. Wengine husaga vidonge vya vitamini C na kuchanganya na shampuu. Asidi iliyomo inaweza kulegeza baadhi ya rangi, lakini matokeo hutofautiana sana, na mchanganyiko huo hauwekwi kwenye ngozi yenye mikwaruzo.

Vitu vya jikoni na vya kufulia visikaribie kichwa. Magadi na hamira ya soda huyafungua magamba na kuyaacha yamesimama, nywele zikawa kavu na zenye kukatika. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huyeyusha protini ya unywele na huunguza ngozi. Ndimu na jua hupausha zaidi, maana yake huongeza uchungwa uleule unaokimbiwa.

Mashina yanahitaji kitu kingine, nacho ni kupozwa kwa rangi pinzani. Rangi mbili zinazokabiliana kwenye duara la rangi huzimana zikikutana: buluu huzima uchungwa, zambarau huzima umanjano, na kijani huzima wekundu. Hapa hakiondolewi kitu. Kinaongezwa kiasi kidogo cha rangi ya baridi mpaka jicho lione kahawia. Wauzaji wengi humpa kila mteja shampuu ya zambarau, lakini hiyo ni ya nywele zilizopauka hadi umanjano, na kwenye uchungwa mkali haifanyi kazi ya maana. Mwanamke wa mfano huu anahitaji buluu.

Njia ya upole zaidi ni shampuu ya buluu, mara moja kwa wiki, ikae dakika tatu hadi tano. Ikishindwa, hutumika rangi ya muda ya kahawia ya majivu, isiyo na peroksidi, iliyochanganywa na kondishena nyeupe. Uwiano wa kuanzia ni sehemu moja ya rangi kwa sehemu tatu za kondishena, kwa kuwa ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza. Hupimwa kwanza kwenye kishungi kimoja kwa dakika tano, kikasuuzwa, kikakaushwa, kikatazamwa mchana. Kikiwa bado cha chungwa, muda huongezwa hadi dakika kumi au mchanganyiko hukolezwa. Ukolevu wa rangi hiyo pia lazima ufanane na wa mashina, au uzidi kidogo. Kahawia nyepesi sana haitaonekana juu ya uchungwa mkali, na nyeusi itafunika kila kitu. Mchanganyiko upakwe kwenye mashina tu, na katika dakika mbili za mwisho uvutwe kwa vidole kuelekea kwenye urefu ili mpaka usionekane.

Kosa linalogharimu zaidi katika hatua hii ni kupaka rangi ya kudumu ya majivu iliyochanganywa tena na peroksidi ya asilimia 6 au 9. Majivu yake huzima uchungwa kwa wiki chache, lakini chini yake peroksidi imevunja melanini zaidi. Majivu yakififia, mashina hurudi yakiwa yanawaka kuliko mwanzo. Peroksidi ikilazimika kutumika, isizidi asilimia 3.

Buluu ikizidi, nywele huchukua ukijani au weusi wa kufifia, hasa kwenye ncha, ambazo ni kuukuu na hufyonza rangi upesi. Hilo si janga: shampuu ya kusafisha kwa kina hupunguza rangi ya muda iliyozidi.

Kabla ya kupaka chochote kipya, unywele mmoja mbichi uvutwe polepole. Wenye afya hunyumbuka kidogo na kurudi. Ukinyumbuka usirudi, au ukikatika papo hapo, kazi ya rangi isimame mpaka nywele zipate nguvu. Waliotia dawa ya kulainisha karibuni waache angalau wiki mbili zipite, maana dawa hiyo nayo imeshalegeza unywele.

Ngozi ina kipimo chake. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali inayoandikwa kwa kifupi PPD, ambayo huweza kuleta mzio mkali. Kemikali hiyohiyo imo kwenye unga wa rangi nyeusi ya nywele unaotumika kuchora piko mwilini huko pwani, na mtu aliyewahi kuwashwa au kutoka malengelenge kwa piko yuko hatarini akipakwa rangi ya nywele, hata kama ni mara yake ya kwanza. Rangi mpya hujaribiwa kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko saa 48 kabla ya kutumika. Ngozi ikiwaka moto wakati rangi iko kichwani, isuuzwe mara moja kwa maji mengi. Kope au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

Hata kazi ikienda vizuri, rangi ya kupoza hufifia baada ya wiki tatu hadi sita na huhitaji kurudiwa, kwa sababu melanini iliyovunjwa hairudi kwenye unywele uleule. Weusi wa asili hurudi tu na nywele zinazoota, takriban sentimita moja kwa mwezi, na zile sentimita tatu za chungwa huondoka pale tu mkasi unapozifikia.