Shilingi 150 kwa Neno, Lakini Neno Lipi?

Chukua mfano wa shirika la maji linalotaka kitabu cha mwongozo wa pampu ya sola kifasiriwe kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili ili kigawiwe kwa kamati za maji za vijiji. Kitabu kina maneno 6,000. Wafasiri wawili wa Dar es Salaam wanaandika profoma. Wote wanatoza shilingi 150 kwa neno, bei ya mfano tu, iliyochaguliwa ili hesabu isisumbue. Wote wanaongeza asilimia 30 kwa kazi ya haraka, na wote wanatoa punguzo lilelile kwa sentensi zinazojirudia. Mmoja anaandika shilingi 902,850. Mwingine anaandika 964,500.

Hakuna aliyekosea kujumlisha. Wametofautiana kuhusu kipi kianze na kipi kifuate, na mteja aliyeuliza bei ya neno peke yake hawezi kujua pengo la shilingi 61,650 limetoka wapi.

Kabla ya kufika huko, lipo swali la maneno yenyewe: yanahesabiwa ya nani? Kiswahili hubana. “Hawajanilipa” ni neno moja, na wafasiri wanalijua vizuri kuliko wengi, lakini Kiingereza kinahitaji maneno matano au sita kusema jambo hilohilo. Anayefasiri kwenda Kiswahili akihesabu maneno ya Kiswahili atapata idadi ndogo kuliko ya waraka aliopewa. Anayefasiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza ataona kinyume chake. Bei ya neno isiyosema inahesabu lugha gani ni bei nusu. Kuhesabu maneno ya waraka wa awali kuna faida moja kubwa: jumla inajulikana kabla kazi haijaanza, na mfasiri hana sababu ya kurefusha sentensi. Wajerumani walilikwepa tatizo hili kwa njia yao. Kwa kuwa lugha yao huunganisha maneno kuwa marefu mno, tafsiri za mahakama hulipwa kwa mstari wa herufi 55, nafasi zikiwemo, badala ya neno.

Hata lugha ikishakubaliwa, kompyuta nazo hazihesabu sawasawa. Programu ya Microsoft Word huhesabu kila kilichotenganishwa na nafasi, hivyo “mume/mke” ni neno moja. Maandishi ya juu na chini ya ukurasa haiyaingizi kwenye hesabu, na yaliyo ndani ya picha haiyaoni kabisa. Katika mwongozo wa pampu, picha ndizo zenye majina ya sehemu zote. Mteja anayesoma 6,000 kwenye skrini yake na mfasiri anayesoma 6,350 kwenye programu nyingine wanaweza wote kuwa wakweli, na dawa yake ni kuandika kwenye profoma ni programu gani iliyotumika na nini kilihesabiwa.

Sasa punguzo. Wafasiri wengi wa nyaraka za kiufundi hufanya kazi ndani ya programu inayokata waraka vipande, kwa kawaida sentensi kwa sentensi, na kukiweka kila kipande pamoja na tafsiri yake katika kumbukumbu. Trados, iliyoanzia Stuttgart, Ujerumani, ndiyo maarufu zaidi. OmegaT hupatikana bure. Kabla ya kazi kuanza, programu huupitia waraka mzima na kutoa mchanganuo: sentensi ngapi ni mpya, ngapi zinajirudia neno kwa neno, na ngapi zinafanana kwa kiasi na zilizowahi kufasiriwa.

Mwongozo wa pampu umejaa marudio. Tuseme onyo la kuzima umeme kabla ya kufungua kifuniko lina maneno 12 na linatokea mara 40. Hayo ni maneno 480. Mara ya kwanza hulipwa bei kamili, kwa sababu ndipo mfasiri anapoumiza kichwa. Mara 39 zinazobaki, zenye maneno 468, zikilipwa robo ya bei, ni sawa na maneno 117. Kwa hiyo onyo lote linatozwa kama maneno 129. Robo hiyo si zawadi kwa mfasiri: kila onyo lazima lisomwe tena mahali pake kuona kama linakaa.

Kwa kitabu kizima, mchanganuo wa mfano wetu unaonyesha maneno mapya 3,800, marudio 1,400, na maneno 800 yaliyo katika sentensi zinazokaribiana na toleo la mwaka jana, ambazo hulipwa asilimia 60 kwa kuwa zinahitaji kurekebishwa. Mapya yanabaki 3,800, yanayokaribiana yanakuwa 480, marudio yanakuwa 350. Jumla ni maneno 4,630 ya kulipiwa badala ya 6,000. Kwa shilingi 150, bei inashuka kutoka 900,000 hadi 694,500. Viwango hivi hutofautiana kati ya mfasiri na mfasiri, na yale maneno 800 yanapata nafuu kwa sharti kwamba faili za mwaka jana zipo. Mteja aliyebaki na nakala iliyochapwa tu atayalipia kama mapya.

Hapa Kiswahili kinaleta shida ambayo jedwali la punguzo, lililobuniwa Ulaya, halikuitarajia. Mwishoni mwa mwongozo kuna orodha ya ukaguzi: pampu, mfereji, kichujio, mabomba, na mbele ya kila kimoja neno lilelile la Kiingereza la kusema kifaa kina hitilafu. Programu inaliona neno moja linalojirudia na kulipangia robo ya bei. Mfasiri anaona kazi nne: pampu imeharibika, mfereji umeharibika, kichujio kimeharibika, mabomba yameharibika. Akiiachia programu ijaze yenyewe, orodha nzima itasema “imeharibika”, na msomaji wa kijijini atajua papo hapo kwamba aliyeandika hakuitazama. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: pitia majedwali na fomu, tazama kama upatanisho wa ngeli umeganda kwenye umbo moja. Mfasiri makini huliomba punguzo lihusu sentensi kamili tu, na vipande vya neno moja au mawili vilipwe bei ya kawaida. Ni ombi la haki, na kwa fedha ni dogo.

Tuje kwenye haraka. Wafasiri wengi hupanga kazi kwa makadirio ya maneno 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Maneno 4,630 ni siku mbili kamili za kufasiri, kisha siku ya kupitia upya kwa jicho tulivu. Shirika linataka kitabu ndani ya siku mbili, kwa sababu mafunzo ya kamati yamesogezwa mbele. Mfasiri atakesha, ataahirisha kazi ya mteja mwingine, au atamgawia mwenzake nusu. Njia ya mwisho ina gharama yake iliyojificha: mmoja ataandika “vali” na mwingine “kilango”, na mtu wa tatu lazima alipwe kusawazisha istilahi. Nyongeza ya asilimia 30 inalipia hayo.

Lakini asilimia 30 ya nini? Mfasiri wa kwanza aliitoza kwenye bei iliyokwisha punguzwa: 694,500 kuongeza 208,350, jumla 902,850. Wa pili aliitoza kwenye bei kabla ya punguzo: asilimia 30 ya 900,000 ni 270,000, akaijumlisha na 694,500 akapata 964,500. Njia ya kwanza ina mantiki zaidi. Nyongeza hulipia muda uliobanwa, na sentensi zinazojirudia ndizo zisizokula muda. Kumtoza mteja haraka ya maonyo 39 ambayo programu imeyajaza ni kumlipisha usingizi ambao hakuna aliyeukosa. Wapo pia wafasiri wanaofuta punguzo lote kazi ikiwa ya haraka, na hilo nalo linakubalika likisemwa mapema. Hata kwa njia ya kwanza, shirika limelipa karibu kilekile ambacho lingelipa bila punguzo wala haraka. Kusogeza mafunzo kumemeza nafuu yote.

Kima cha chini ni kwa ajili ya kazi ya aina nyingine kabisa. Mzazi analeta cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa ajili ya maombi ya viza. Kina maneno 90, ambayo kwa shilingi 150 ni 13,500. Cheti kimepigwa picha kwa simu, hivyo lazima kichapwe upya, jedwali lijengwe, muhuri uelezwe kwa maneno, tahajia ya jina ilinganishwe na pasipoti, tamko la mfasiri liandikwe, kisha kuchapisha, kusaini na kugonga mhuri. Maneno ni machache lakini saa imekwisha. Ndiyo maana mfasiri anaweka kima cha chini, tuseme shilingi 30,000. Kwa bei hiyo ya neno, kima kinafanya kazi kwa waraka wowote wenye maneno chini ya 200; ukivuka hapo hakina habari tena.

Mpangilio una uzito hapa pia. Mzazi huyo akikitaka cheti jioni ileile, na nyongeza ikipigwa kwanza, 13,500 inakuwa 17,550, bado iko chini ya kima, inapandishwa hadi 30,000, na nyongeza ya haraka inayeyuka: anayesubiri wiki na anayekitaka leo wanalipa sawa. Kima kikianza, nyongeza inafuata, naye atalipa 39,000. Utaratibu unaoeleweka, basi, ni huu: hesabu maneno, toa punguzo, linganisha na kima cha chini, kisha ongeza ya haraka.

Mzazi mwenye watoto wawili naye ana la kuuliza. Vyeti viwili vikiletwa siku tofauti ni kima mara mbili, shilingi 60,000. Vikiletwa pamoja kama oda moja ni maneno 180, na kima kinatozwa mara moja, ingawa mfasiri anaweza kuongeza kidogo kwa mhuri na saini za pili. Wengi hawalisemi hili mpaka waulizwe.

Kinachozua ugomvi mwingi zaidi kwenye kazi za haraka ni saa inaanza lini. Shirika hutuma kitabu Jumatatu asubuhi, malipo ya awali yanaingia Jumanne mchana, na Jumatano meneja anatuma “faili sahihi” yenye kurasa tatu mpya. Profoma inayojitosheleza husema muda unaanza faili ya mwisho na malipo ya awali vikishapokewa, na kwamba faili ikibadilishwa, mchanganuo unafanywa upya: maneno yaliyoongezwa yanalipiwa, na yaliyofutwa baada ya kufasiriwa yanalipiwa vilevile.