Maswali manne kabla mtoto hajakonda

Mvulana wa miaka 8 analazwa kwa sababu kidole tumbo chake kimepasuka na usaha umejikusanya tumboni. Ana kilo 28 na urefu wa sentimita 128, na ukimtazama kitandani huoni dalili yoyote ya utapiamlo. Hata hivyo anastahili kuonwa na mtaalamu wa lishe mapema. Muuguzi anayempokea atajuaje?

Hospitali ya watoto ya Yorkhill, mjini Glasgow, Uskoti, ilitengeneza fomu ya kujibu swali hilo, na matokeo ya majaribio yake yakachapishwa mwaka 2010. Inaitwa PYMS, na hutumika kwa watoto wa mwaka 1 hadi 16. Haihitaji kipimo cha damu wala daktari. Muuguzi huijaza mtoto anapolazwa.

Swali la kwanza ni la mizani. Uzito kwa kilo unagawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, kisha uwiano huo unalinganishwa na jedwali la umri na jinsia. Aliye chini ya kiwango anapata alama 2. La pili linauliza kama amepungua uzito siku za karibuni, au nguo zimeanza kumpwaya: alama 1. La tatu linarudi nyuma wiki moja. Aliyekula pungufu kuliko kawaida yake anapata 1, na ambaye hakula kabisa, au alionja tu, anapata 2. La nne linatazama wiki ijayo: ugonjwa au matibabu yatampunguzia chakula, yatamwongezea mahitaji, au yatampotezea virutubisho kwa kutapika na kuharisha? Hapo pia ni 1, au 2 ikiwa hatakula kabisa.

Kwa maoni yangu, swali la nne ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Mvulana wetu ana uwiano wa 17.1, ambao ni wa kawaida kwa umri wake, na uzito haujapungua, kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo yanampa sifuri. Lakini mama anasema amekuwa akiacha chakula kwa zaidi ya wiki, na daktari wa upasuaji anatarajia kwamba hatakula vizuri kwa wiki nyingine. Moja na moja ni mbili, na mbili ndicho kizingiti: daktari anaarifiwa na mtaalamu wa lishe anaitwa. Mizani peke yake ingemwacha apite.

Mizani nayo ina mitego yake. Chukua msichana wa miaka 7 mwenye kilo 16.4 na urefu wa sentimita 115. Uwiano wake ni 12.4, na kiwango cha msichana wa umri huo kiko karibu na 13, basi anapata alama 2 papo hapo. Sasa muuguzi mwenye haraka amkadirie kwa macho tu kuwa na sentimita 110. Uwiano unapanda hadi 13.6, alama zinakuwa sifuri, na rufaa inapotea kwa kosa la sentimita tano. Ndiyo maana ni lazima urefu upimwe, mtoto akiwa amevua viatu na visigino vimegusa ubao. Uvimbe wa maji nao hudanganya, kwa sababu huongeza kilo zisizo nyama wala mafuta. Mtoto mwenye kwashakoo anaweza kuonekana mzito kuliko alivyo, na hakuna hesabu ya fomu itakayomwokoa muuguzi asipobonyeza miguu ya mtoto huyo.

Katika jaribio la Glasgow, fomu zilizojazwa na wauguzi ziliwanasa asilimia 59 ya watoto ambao uchunguzi kamili wa wataalamu wa lishe uliwaona kuwa katika hatari kubwa. Na kati ya waliotajwa na fomu, asilimia 47 ndio waliothibitishwa. Kati ya waliobaki anaweza kuwamo mtoto mwembamba kwa asili, aliyelazwa kwa kuvunjika mkono na anayekula vizuri: mtaalamu hutumia muda mfupi kumtazama na kumwachia. Gharama hiyo naiona ndogo. Kinachonisumbua zaidi ni wale asilimia 41 waliopita bila kuonekana.

Baadhi yao fomu inaweza kuwapata baadaye, ikiwa itarudiwa. Mwenye sifuri hupimwa tena baada ya wiki. Mwenye alama 1 huripotiwa kwa muuguzi mkuu wa wodi na kupimwa tena baada ya siku tatu, na hapa ndipo kazi inapoharibika kirahisi, kwa sababu siku ya tatu zamu imeshabadilika na hakuna anayekumbuka. Dawa yake ni kuandika tarehe ya kurudia kwenye faili lake siku ileile alama inapotolewa, na kuitaja kila wanapokabidhiana zamu. Mtoto aliyeingia na 1 kwa kula pungufu, kisha akaanza kuharisha wodini, siku ya kurudiwa anafikia 2 na kupelekwa kwa mtaalamu wa lishe.